Dodoso la mtindi: nani aulizwe, na aulizwe nini

Kazi ya utafiti wa masoko ya ngazi ya stashahada, kwa wanafunzi wengi, huanza na dodoso. Kikundi kinaomba dodoso la wenzao wa mwaka uliopita, kinabadili jina la bidhaa, kinaongeza maswali mawili matatu, kisha kinakwenda stesheneri kutoa nakala hamsini. Swali la nani apewe nakala hizo huja baadaye, na mara nyingi jibu lake ni yeyote atakayekubali: wenzao wa darasani, majirani wa hosteli, wateja waliokutwa dukani. Ripoti ikifika kwenye sura ya mbinu, inaandikwa kwamba wahojiwa walipatikana kwa sampuli nasibu.

Msimamizi makini akisoma mstari huo huuliza jambo moja tu: walichaguliwa kutoka kwenye orodha gani? Kama hapakuwa na orodha, hapakuwa na unasibu, na asilimia zote zilizojazwa kwenye sura ya matokeo zinawahusu watu hamsini hao peke yao. Hapa nitafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu naamini kosa kubwa la kazi hizi ni kutengeneza dodoso na sampuli kila kimoja kivyake. Swali unalotaka kuuliza ndilo linalokuonyesha uende kwa nani, na mtu unayeweza kumfikia ndiye anayeamua ni swali gani utapata jibu lake.

Twende Morogoro. Tuseme kuna msindikaji mdogo wa maziwa anayeuza mtindi wa pakiti za nusu lita kwenye maduka ya mtaa mmoja wa kata ya Kihonda. Anafikiria kuanza kufunga pakiti za robo lita, lakini hajui kama pakiti ndogo itamletea wateja wapya, au itawafanya wateja alionao wanunue kidogo kuliko walivyozoea. Kikundi cha wanafunzi watano kimepewa tatizo hilo kama kazi ya muhula. Kina wiki tatu na fedha za nauli ya daladala. Idadi ya kaya na majibu nitakayoyataja ni ya mfano, nimeyaweka ili hesabu ionekane ikifanya kazi.

Hatua ya kwanza haihusu maswali kabisa. Kikundi kikae na karatasi tupu, kichore majedwali yatakayokuwa ndani ya ripoti, yakiwa na vichwa vya safu lakini bila namba. Jedwali la kwanza litaonyesha kaya zilizonunua mtindi ndani ya siku saba zilizopita na zile ambazo hazikununua. La pili litaonyesha walionunua walichukua pakiti ngapi na kutoka wapi. La tatu litapanga sababu za wale ambao hawakununua. La nne litaonyesha kaya ngapi zingechukua pakiti ya robo lita, huku wanunuzi wa sasa wakitenganishwa na wasionunua. Hilo la nne ndilo msindikaji analolisubiri, kwa kuwa ndilo linalotenganisha mteja mpya na mteja wa zamani aliyepunguza.

Majedwali yakishachorwa, kila swali la dodoso lazima liweze kuonyesha ni kisanduku gani kinajazwa na jibu lake. Lisiloweza litoke. Hapo ndipo ukurasa mzima wa kwanza wa madodoso mengi ya wanafunzi unapoondoka: umri, dini, hali ya ndoa, kiwango cha elimu. Maswali hayo yamerithiwa kutoka dodoso moja hadi lingine bila mtu kuuliza yanakwenda kufanya nini. Kwa msindikaji wetu, idadi ya watu wanaokula pamoja ina maana, kwa sababu inahusu ukubwa wa pakiti. Dini ya mama mwenye nyumba haimsaidii kuamua lolote.

Majedwali hayo hayo yanatufundisha jambo la pili, nalo ni kitu gani tunachohesabu. Mtindi wa nusu lita hununuliwa kwa ajili ya nyumbani, kwa hiyo tunachohesabu ni kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mtu wa kuulizwa ni yule aliyenunua chakula cha kaya hiyo wiki iliyopita. Anaweza kuwa mama, anaweza kuwa kijana wa sekondari anayetumwa dukani kila jioni, au dada wa kazi ambaye ndiye pekee anayejua pakiti ilikuwa shilingi ngapi jana. Mwanafunzi anayeingia ndani na kuomba kuzungumza na baba mwenye nyumba, kwa heshima zake zote, mara nyingi anaongea na mtu asiyejua bei ya mtindi. Swali la kwanza la dodoso liwe basi: "Nani hapa nyumbani alinunua chakula mara nyingi zaidi katika siku saba zilizopita?" Kisha aombwe huyo. Baba asalimiwe na kuombwa ruhusa, mahojiano yahamie jikoni.

Namna ya kuuliza

Makosa ya maneno kwenye dodoso ni machache na yanajirudia. Lililo baya kuliko yote ni muda usiojulikana. "Huwa mnakunywa mtindi mara ngapi? (a) Mara kwa mara (b) Mara chache (c) Hatunywi." Kwa mtu mmoja mara kwa mara ni kila siku, kwa mwingine ni kila mshahara unapotoka, na kwenye jedwali wote wawili wanaingia kisanduku kimoja. Swali linalofaa lina mipaka: "Katika siku saba zilizopita, yaani tangu Jumatano iliyopita hadi jana, kaya hii ilinunua pakiti ngapi za mtindi?" Jibu linaandikwa kwa tarakimu. Kutaja siku kwa jina kunamsaidia mhojiwa kuirudia wiki yake kichwani, na siku saba ni muda ambao mtu anakumbuka alichonunua bila kubahatisha. Ukimuuliza mwezi mzima atakupa makisio, na makisio yake yatafanana na anavyopenda kuonekana.

Kosa la pili ni kuuliza mambo mawili kwa swali moja: "Je, unaridhika na bei na ladha ya mtindi huu?" Anayependa ladha na kuchukia bei hana pa kujibu. La tatu ni visanduku vinavyopishana au kuacha pengo. Dodoso linaloandika "500–1,000" kisha "1,000–1,500" limempa mtu mwenye jibu la 1,000 nafasi mbili. Afadhali mhojaji aandike kiasi kamili, kikundi kikagawe makundi baadaye. Ukishakusanya kwa makundi huwezi tena kuirudisha namba yenyewe.

Kosa la nne linahitaji maelezo zaidi, maana linatokana na adabu zetu. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, alieleza namna ya kupima mitazamo kwa kumsomea mtu kauli na kumwomba aseme anakubali sana, anakubali, yuko katikati, anakataa au anakataa sana. Kipimo hicho kimeenea duniani kote na wanafunzi wanakipenda kwa sababu ni rahisi kujaza. Lakini mgeni anapoingia uani kwako, amekusalimu vizuri, amekalishwa kwenye kigoda, kisha anasoma "Mtindi wa pakiti ni bora kwa familia", watu wengi watakubali. Wanamkubalia mgeni, hawaukubali mtindi. Dalili yake huonekana wakati wa kuchambua: kauli kumi tofauti, na karibu zote zimepata "nakubali", hata zile zinazopingana. Kama kikundi kinahitaji mtazamo, kimpe mtu uchaguzi wenye gharama pande zote mbili: "Ukiwa na fedha ya pakiti moja tu ya mtindi au ya lita moja ya maziwa fresh ya kupima, ungechukua kipi?" Hapo hakuna jibu la kumpendeza mgeni.

Swali la bei lina ugumu wa aina yake. Ukiuliza "Uko tayari kulipa shilingi ngapi kwa pakiti ya robo lita?" unamfanya mhojiwa aingie kwenye mapatano, na katika mapatano mnunuzi huanzia chini. Njia inayofaa zaidi kwa wanafunzi ni kubeba pakiti yenyewe, au sampuli yake iliyofungwa kwa ukubwa huo, kuiweka mkononi mwa mhojiwa, kumtajia bei moja ambayo msindikaji anaweza kuuza bila hasara, na kumuuliza kama angeinunua wiki hii. Swali linalofuata ndilo la muhimu: "Ungeinunua badala ya ile ya nusu lita, au pamoja nayo?" Wanaosema "badala" ni hasara inayowezekana, na dodoso lisilokuwa na swali hilo litampa msindikaji furaha isiyo na msingi. Hata hivyo majibu haya ya "ningenunua" hupanda kuliko ununuzi halisi, kwa sababu kusema ndiyo hakumtoi mtu fedha mfukoni. Ripoti iyachukue kama ukomo wa juu.

Kipato kisiulizwe moja kwa moja. Mtu akiulizwa mshahara wake na kijana mwenye fomu, mawazo yake yanakwenda kwenye kodi, na anayeishi kwa biashara ndogondogo pengine mwenyewe hajui mwezi huu ameingiza kiasi gani. Uliza anapikia nini, gesi au mkaa, na kama kuna jokofu linalofanya kazi. Jokofu lina uhusiano wa karibu zaidi na mtindi kuliko mshahara, kwani kaya isiyo nalo inaweza kuwa ndiyo hasa inayotaka pakiti inayokwisha kwa mlo mmoja. Maswali haya yawekwe mwisho, mazungumzo yakiwa yameshazoeleka.

Dodoso zima lisizidi dakika kumi na tano, na kwa kazi kama hii maswali kumi na tano hadi kumi na nane yanatosha. Kabla ya kuchapishwa lijaribiwe kwa watu wanane hivi katika mtaa jirani, usiokuwa ndani ya utafiti. Shabaha ya jaribio ni kusikia maswali yanapokwama, majibu yenyewe hayaingii kwenye hesabu. Mhojiwa akiuliza "Una maana gani?", swali ni bovu. Wote wanane wakijibu sawasawa, swali halitenganishi kitu. Wahojaji wawili wakilieleza swali moja kwa namna mbili, liandikwe upya. Kwa mtindi kuna mtego unaoonekana haraka kwenye jaribio: wapo watakaohesabu maziwa mgando waliyogandisha wenyewe nyumbani, na wapo watakaohesabu yogati ya kikopo. Pakiti iliyo mkononi mwa mhojaji huumaliza ubishi huo kuliko maelezo.

Mlango upi ubishwe

Sasa sampuli. Mtaa una serikali yake, na ofisi ya mtendaji wa mtaa ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu mbili. Kwanza ni ruhusa: barua ya utambulisho kutoka chuoni ifike kwake kabla mwanafunzi hajabisha mlango hata mmoja. Pili ni orodha. Daftari la wakazi, kama lipo na limehuishwa, ni mwanzo mzuri. Tatizo lake la kawaida ni wapangaji. Wanahama na kuhamia kila mara, wengi hawajaandikwa, na kwenye mitaa yetu ya mijini nyumba moja ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande inaweza kuwa na kaya nne au tano, kila moja na jiko lake la mkaa kwenye baraza la nyuma.

Hili la nyumba na kaya ndilo linaloharibu kazi nyingi bila mtu kugundua. Kikundi kinachagua nyumba, kinaingia, kinamhoji mtu mmoja, mara nyingi mwenye nyumba, kisha kinaondoka. Mwenye nyumba anayeishi peke yake na familia yake ndani ya geti amepata nafasi nzima ya kuchaguliwa. Wapangaji watano wa nyumba ya pili wamegawana nafasi moja, na mwenye nyumba wao ndiye ameichukua. Matokeo yake sampuli inajaa watu wenye nyumba zao, wenye majokofu, wanaonunua nusu lita na hata lita nzima. Wapangaji wa chumba kimoja, ambao pakiti ya robo lita imefikiriwa kwa ajili yao, hawamo. Msindikaji ataambiwa pakiti ndogo haina soko, na ripoti itakuwa na majedwali yaliyopangika vizuri kabisa.

Dawa yake ni kuorodhesha kaya wenyewe. Wanafunzi watano wakigawana vichochoro vya mtaa kwa msaada wa wajumbe, wanapita mlango kwa mlango wakiuliza swali moja: hapa pana majiko mangapi? Kila kaya inapewa namba kwa mpangilio wa njia waliyopita. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo hupita na kuorodhesha kaya kabla ya kuchagua za kuhoji katika tafiti zake za kaya, kwa hiyo mwanafunzi hafanyi jambo la ajabu. Kwa mtaa wenye kaya 640, kila mwanafunzi ana kaya 128 za kuandika, kazi ya siku mbili. Siku hizo mbili ndizo zinazompa haki ya kuandika neno nasibu kwenye ripoti yake.

Ukubwa wa sampuli huwasumbua wanafunzi kuliko unavyostahili. Kanuni inayotumika sana vyuoni ni ile ya Taro Yamane, ambamo N ni idadi ya kaya zote na e ni kosa unalokubali kulibeba:

n = N / (1 + N × e²)

Kwa kaya 640 na kosa la asilimia 10, yaani 0.1, tunapata 640 kugawanya kwa 7.4, ambayo ni 87 tukipandisha. Tukitaka kosa la asilimia 5, jibu ni 247. Wanafunzi watano wenye wiki tatu, ambao siku zao kadhaa zimeshakwenda kwenye kuorodhesha na kujaribu dodoso, wakidai wamehoji kaya 247 na kurudi kwenye kila mlango uliofungwa, msimamizi ana haki ya kushuku. Afadhali 87 zilizofuatiliwa hadi mwisho. Kikundi kijue pia kanuni hiyo inahusu nini. Inakadiria asilimia moja, kama vile asilimia ya kaya zinazonunua, na inadhani kila kaya ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukiihesabu halafu ukahoji wapita njia, namba imebaki lakini maana yake imeondoka.

Kuna mfano maarufu wa jambo hili. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni kumi kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, na likarudishiwa zaidi ya milioni mbili. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. Wingi wa kadi haukuweza kurekebisha orodha iliyopinda.

Turudi Kihonda. Tukigawanya 640 kwa 87 tunapata 7.36, kwa hiyo tutachukua kaya moja katika kila saba. Ya kuanzia ichaguliwe kwa bahati kati ya 1 na 7, ama kwa vikaratasi kwenye kikombe, ama kwenye Excel kwa kuandika:

```
=RANDBETWEEN(1,7)
```

Kikitoka 4, kaya zetu ni ya 4, ya 11, ya 18, na kuendelea hadi ya 634. Zinakuwa 91, nne zaidi ya tulizohitaji, nazo ni akiba dhidi ya milango itakayobaki imefungwa. Namba iliyotoka iandikwe mara moja, maana Excel hubadilisha jibu kila karatasi inapohesabiwa upya. Kwa kuwa orodha imefuata vichochoro, sampuli inatapakaa mtaa mzima yenyewe.

Baada ya hapo kuna kishawishi. Kaya ya 18 mlango umefungwa, jirani yupo nje anachambua mchele na ni mchangamfu. Mwanafunzi anamhoji jirani. Ameshachagua mtu anayekuwepo nyumbani mchana badala ya mtu anayekwenda kazini, na akifanya hivyo mara ishirini atakuwa na utafiti wa watu wa mchana. Kanuni ni kurudi mara tatu, angalau mara moja jioni na mara moja mwisho wa wiki. Akikosekana, iandikwe kwamba hakupatikana, na isichukuliwe kaya nyingine mahali pake.

Wapo watakaosema hawawezi kuorodhesha, kazi yao inahusu wateja wa duka au abiria wa stendi. Sawa, lakini wajue duka linavyowachagua watu. Mteja anayekuja kila siku ana nafasi mara saba ya kukutwa mlangoni kuliko anayekuja mara moja kwa wiki, kwa hiyo sampuli ya mlangoni hujaa wazoefu. Inapunguzwa kwa kuuliza kila mmoja alifika dukani mara ngapi katika siku saba zilizopita, kisha jibu la aliyefika mara saba lipewe uzito wa moja ya saba. Na pale ambapo hakuna njia ya kupata orodha wala kuhesabu nafasi, itumike sampuli ya mgao, kwa mfano wapangaji ishirini na wenye nyumba ishirini, na ripoti iseme wazi kwamba ni mgao. Sampuli ya mgao iliyotajwa kwa jina lake ina thamani kuliko sampuli nasibu ya uongo.

Namba zinaporudi

Kabla ya hesabu, kiongozi wa kikundi akague. Madodoso yaliyojazwa chini ya mwembe yana alama zake: mwandiko wa haraka wa aina moja, majibu yanayofuatana kwa mpangilio, hakuna "sijui" hata moja. Wanaotumia KoboToolbox wanaweza kuona saa ya kuanza na ya kumaliza kila fomu, na mahojiano ya dakika tatu kwa maswali kumi na minane yanajieleza. Kaya tano au sita zirudiwe na mwanafunzi mwingine kwa maswali mawili tu. Majina na namba za simu za wahojiwa zisikusanywe kama hazihitajiki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya kaya kwenye orodha inatosha kuirudia.

Tuseme kati ya kaya 91, tisa hazikupatikana na nne zilikataa. Zilizojibu ni 78, na 33 kati yake zilinunua mtindi wa pakiti ndani ya siku saba. Hiyo ni asilimia 42. Kwa sampuli ya 78, kosa la makadirio ni kama asilimia 11 juu na chini, kwa hiyo ukweli wa mtaa mzima uko, kwa uhakika wa asilimia 95, kati ya asilimia 31 na 53, yaani takriban kaya 200 hadi 340 kati ya zile 640. Msindikaji anaweza kufanya kazi na upana huo. Apange uzalishaji wake kwa 200.

Mahali pa kusimama ni pale kikundi kinapotaka kuwakatakata wale 33 kwa kichochoro, kwa idadi ya watu, kwa aina ya jiko. Hesabu ya haraka ni kugawanya moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: kwa 78 inakaribia 0.11, kwa 33 ni 0.17, na kwa kundi la watu 10 ni 0.32. Asilimia inayoweza kuyumba thelathini kila upande haisemi kitu. Kama tangu siku ya majedwali matupu kikundi kilijua kwamba tofauti kati ya wapangaji na wenye nyumba ndiyo roho ya swali la robo lita, kingegawa orodha yake makundi hayo mawili mapema na kuchukua idadi ya kutosha kutoka kila upande. Baada ya kukusanya, nafasi hiyo imepita.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayeanza kazi hii muhula huu, kwenye sura ya mbinu andika mambo matatu kwa namba: orodha yako ilikuwa na kaya ngapi na nani aliitengeneza, ulichagua ngapi na kwa hatua gani, na ngapi hazikujibu na kwa nini. Kaya 78 kati ya 91, tisa zimefungwa, nne zimekataa. Msimamizi akikutana na sentensi hiyo, ataendelea kusoma.